Acheni kumwagia cheni oili chafu

Wasee, haya mambo ya kupitia kwa fundi wa pikipiki na kumwambia "niwekee oili kidogo" ndiyo yanawamalizia cheni. Najua oili chafu ni ya bure. Lakini injini ishaitumia ikachoka nayo, na imejaa masizi na chembe za chuma. Imwage kwa cheni ya baiskeli ya umeme, upige vumbi la Ruai siku tatu, utakuwa umepaka msasa.

Cheni inataka mafuta ndani, pale pini na roli zinasuguana. Nje inatosha utando mwembamba wa kuzuia kutu. Kile kilainishi kinang'aa nje kazi yake ni kukamata vumbi na kulivuta ndani. Guse na vidole usugue. Ukisikia mchanga, hiyo ndiyo inakula chuma yako.

Kuna jamaa hapa mtaani anapeleka chakula na baiskeli. Cheni ilikuwa inaruka akikanyaga, fundi akalaumu mota, akaongeza oili. Tukachukua tepu. Vipingili 24 vya cheni mpya, katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni inchi 12 kamili. Ikizidi 1/16 ya inchi, badilisha. Yake ilizidi 1/8, na kufikia hapo meno ya gia pia yashaliwa. Akanunua cheni peke yake, ikaendelea kuruka. Ikabidi anunue na gia pia. Hiyo ndiyo bei ya oili ya bure.

Sasa fanya hivi. Zima na utoe betri. Osha cheni na mafuta ya taa na brashi, ipanguse, iache ikauke kabisa. Jioni weka kilainishi cha nta, tone moja kwa kila roli, zungusha pedali kinyumenyume, kisha iache ilale. Asubuhi pangusa nje yote. Ndiyo, yote, hata kama inauma kufuta kitu umenunua. Mvua ikinyesha nta hutoka haraka, kwa hivyo cheni ikianza kulia kama ndege, rudia.

Halafu habu. Mtu akitaka kudondosha oili kwa ekseli ya mota, mkatalie. Mota nyingi ndogo za gurudumu zina gia za plastiki ndani, zinazokaa kwa grisi nzito. Oili nyepesi ikipenya inaiyeyusha hiyo grisi, inachuruzika nje, na ikifika kwa diski ya breki, utashika breki Kangundo Road na baiskeli isisimame. Zingine hazina gia kabisa, ni beringi tu. Ukisikia mkwaruzo mpya mota ikivuta, na ukiizima unapotea, hapo ndipo inafunguliwa, inasafishwa na kuwekewa grisi isiyokula plastiki. Kabla ya hapo, pangusa vumbi na kitambaa, na usiipige na maji ya presha pale kwa kaosha.