Usimbebeshe Mteja Mzigo Uliododa

Wanaonifahamu hapa hosteli wanajua kwamba chini ya kitanda changu kuna boksi. Ndani yake kuna chaja, waya za taipu C, protekta na kava za simu. Nafuata mzigo Kariakoo Jumamosi moja moja, narudi nao kwa daladala, na ndio unaonivusha pale bumu linapochelewa. Mwaka jana boksi hilo lilinifundisha somo ambalo naona wanachuo wengi wenye biashara ndogo wanalikosea, na maduka yanayotuzunguka yanalikosea kwa makusudi. Ni ile tabia ya kufunga bidhaa iliyododa pamoja na bidhaa inayotembea, ili mteja alipe zaidi na mzigo wa zamani uondoke.

Sina ugomvi na mbinu yenyewe. Ninayo na bado naitumia. Hoja yangu ni kwamba mbinu hii inafaa pale tu mteja anapobaki na uhuru wa kuchukua kile alichokifuata. Ukimnyang'anya uhuru huo, hesabu zako zitapendeza kwenye daftari huku mfuko ukitoboka.

Ilianza hivi. Nilinunua kava 40 kwa shilingi 2,500 kila moja, jumla 100,000. Nilipanga kuuza 5,000. Kwa wiki mbili nikawa nauza moja tu, hata nilipoteremsha hadi 4,000. Waya za taipu C, kwa upande mwingine, zilikuwa zinakimbia. Nilizinunua 3,500, nikiuza 6,000, na kila wiki zilitoka kama 15. Faida ya wiki kwenye waya ikawa 37,500. Nikajiambia, si niunganishe tu? Nikaandika kwenye karatasi mlangoni: waya na kava, 9,000. Waya peke yake nikaacha kuuza.

Siku ya pili akaja dada mmoja wa mwaka wa kwanza.

"Kaka, naomba waya wa taipu C."

"Upo dada. Elfu tisa, unapata na kava."

"Mimi kava ninayo. Nataka waya tu."

"Vinauzwa pamoja."

"Haya, basi siku nyingine kaka."

Hiyo siku nyingine haikufika. Alikwenda bweni la pili, kwa mwenzangu anayeuza waya bila masharti. Wiki ile nikauza mafungu manne tu.

Sasa angalia kilichonidanganya. Jioni ya Jumapili nilipiga hesabu ya wastani wa kila mauzo. Kabla ya hapo kila mteja wa waya aliniachia 6,000. Wiki ile kila mteja aliniachia 9,000. Nusu nzima juu! Nikatabasamu kabisa. Kumbe wateja 15 wa 6,000 wanaleta 90,000, na wateja wanne wa 9,000 wanaleta 36,000. Wastani ulipanda kwa sababu nilikuwa nimewafukuza watu 11. Ukitaka wastani wa mauzo upande bila jasho, fukuza kila anayenunua kidogo. Ila usishangae ukikosa nauli ya kurudi Kariakoo.

Kwa upande wa faida ilikuwa hivi. Kila fungu liliniingizia 9,000, nikatoa 3,500 za waya, nikabaki na 5,500. Mara nne ni 22,000. Nikilinganisha na zile 37,500 za kawaida, nimepoteza 15,500 ili kuondoa kava nne. Yaani kila kava ilinigharimu karibu 3,900 kuitoa chumbani. Ningewagawia watu bure ningekuwa na hali nzuri zaidi.

Utaniuliza kwa nini sijatoa zile 2,500 nilizonunulia kava. Hapa ndipo wengi tunapong'ang'ania. Maji yakimwagika hayazoleki. Hela ya kava ilishatoka, na hakuna bei nitakayoweka leo itakayobadilisha jambo hilo. Swali la haki ni moja: nisipoiuza kwenye fungu, nitapata nini kwa njia nyingine? Nilikwenda kwa fundi simu aliye jirani na geti, akaniambia atazichukua zote kwa 800 kila moja. Basi hiyo 800 ndiyo sakafu yangu. Fungu likinipa zaidi ya 800 kwa kila kava, naendelea nalo. Likinipa chini ya hapo, nampelekea fundi na yaishe. Aliyeng'ang'ania kurudisha 2,500 yake atakaa na kava mpaka simu zenyewe zipotee sokoni.

Wiki iliyofuata nikabadilisha karatasi ya mlangoni. Waya 6,000. Kava 4,000. Ukichukua vyote, 7,500. Pia nikaanza kuuliza simu ya mteja kabla ya kutaja ofa, kwa sababu kava si kama soksi. Isipoingia kwenye simu yake haina thamani yoyote kwake, hata ukimwambia ni punguzo la nusu bei.

Wakaja watu 15 kama kawaida. Tisa walichukua waya tu, sita wakachukua vyote. Tisa wa mwanzo walinipa faida ya 22,500. Wale sita kila mmoja aliniachia 4,000 baada ya kutoa bei ya waya, jumla 24,000. Ukijumlisha unapata 46,500, yaani 9,000 zaidi ya wiki ya kawaida. Wastani wa mauzo ulikuwa 6,600 tu, chini sana ya zile 9,000 zilizonifurahisha. Lakini mfuko ulikuwa umenona, na kava sita zimeondoka kwa 1,500 kila moja, juu ya sakafu ya fundi.

Ukiwa mkweli unapunguza kidogo hapo. Kulikuwa na mtu mmoja kila wiki mbili ambaye angenunua kava kwa 4,000 bila ofa yoyote. Sasa huenda yumo kati ya wale sita, na nimempunguzia bei bila sababu. Kwa wiki hiyo ni kama 2,000. Faida halisi ya fungu basi ni kama 7,000. Anayeuza kwa mafungu bila kujiuliza ni nani angenunua hata hivyo, anahesabu hela yake mwenyewe mara mbili.

Kwa nini la pili lilifaa? Kwa sababu watu hawathamini vitu sawasawa. Yupo aliyekuwa tayari kutoa 4,000 kwa kava, yupo ambaye kwake kava ni 2,000 tu, na yupo ambaye kwake ni sifuri. Bei ya 4,000 inamkosa yule wa katikati. Nyongeza ya 1,500 juu ya waya inampata, na haimgusi yule wa sifuri, kwa kuwa mlango wake wa waya peke yake uko wazi. Fungu la lazima linamtoza huyu wa mwisho kwa kitu asichokitaka, naye anaondoka na hela ya waya pia.

Anaondoka, lakini, kama ana pa kwenda. Hapo ndipo penye kisa changu kikubwa zaidi.

Mwanzoni mwa semesta, duka moja jirani na chuo lilikuwa la pekee lenye makoti ya maabara ya saizi zetu. Likayauza pamoja na kitabu cha mazoezi ya maabara cha toleo la zamani, ambalo mwalimu alikuwa ameshasema halitumiki. Koti peke yake hakuna. Maabara inaanza Jumatatu, bila koti huingii. Tulinunua. Vile vitabu nimeviona mwenyewe vikifungiwa karanga.

Mwenye duka atasema ni biashara, na kwa wiki ile kweli alipata hela. Lakini huo si ujanja wa kuuza; ni kutumia shida ya mtu. Hata hapo Marekani walishabishana kuhusu jambo hili. Kampuni za filamu zilikuwa zikiwalazimisha wenye kumbi za sinema kuchukua filamu dhaifu ili wapate zile kali, na mwaka 1948 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaukataa utaratibu huo katika kesi ya Paramount. Filamu za zamani zilipoanza kuuzwa kwa vituo vya televisheni, mchezo ukarudi: kituo kikitaka Casablanca kinabebeshwa na Gorilla Man. Mwaka 1962 mahakama ileile ikasema tena hapana. Haikukataza kuuza filamu nyingi kwa pamoja. Ilikataza kumnyima mnunuzi nafasi ya kuchukua ile moja anayoitaka.

Ndiyo mstari ninaotaka sisi wenyewe tuushike, wauzaji na wanunuzi. Ukiona ofa, uliza bei ya kila kimoja peke yake. Muuzaji akishindwa kuitaja, ujue hiyo si ofa. Na kama kitu kilichoongezwa kinaliwa au kinapakwa, geuza uangalie tarehe ya mwisho wa matumizi kabla hujatoa hela, maana mzigo uliolala huwa na sababu ya kulala.

Kwa wauzaji wenzangu, nina la mwisho ambalo nusura linimalize. Baada ya wiki nne kava 24 zilikuwa zimetoka. Nikafungua daftari nikaona kava zinakwenda sita kila wiki, nikapanga kuongeza nyingine 40. Nilikuwa njiani kuelekea kituo cha daladala nilipokumbuka kwamba hakuna aliyekuja kuulizia kava. Waya ndio uliokuwa ukizivuta. Ningenunua zile 40 kwa 2,500 ili niziuze kwa nyongeza ya 1,500, ningekuwa nalipa 1,000 kila mara mteja anaponishukuru. Tangu siku hiyo mauzo ya fungu nayaandika ukurasa wake, mbali na mauzo ya kawaida. Kitu kilichotoka kwa fungu hakirudi kwenye orodha ya kununua.

Kava zilizobaki zilikuwa za simu moja ya zamani ambayo sikumpata mwenye nayo hata mmoja. Hizo hakuna fungu ambalo lingeziondoa. Nilimpelekea fundi kwa 800, tukapeana mikono, boksi likapata nafasi. Yule dada wa mwaka wa kwanza bado ananunua waya bweni la pili. Nikikutana naye kantini ananisalimia vizuri tu, lakini kwenye boksi langu hajarudi.