Ukurasa wa Vijana: Wasifu wa Kuombea Masomo ya Juu

Yajapo majira ya kuomba misaada ya masomo, vijana wetu waliokwisha kupata shahada ya kwanza hujishughulisha sana na barua ya maombi. Huiandika na kuifuta mara kumi. Lakini wasifu, yaani ile hati ya kurasa mbili au tatu ambayo wengi huiita "sivii", huunakili kwa rafiki na kubadili majina tu. Nao wachaguzi mara nyingi huanza na wasifu huo, na kwa dakika chache huamua kama mengine yanastahili kusomwa.

Natutwae mfano mmoja tuufuate. Binti wa Tanga amehitimu elimu ya mazingira katika chuo kikuu cha Tanzania, wastani wake wa alama ni 4.1, naye ataka kusoma shahada ya pili Ujerumani kwa msaada wa DAAD. Binti huyu ni wa mfano, ila makosa tutakayoyaona katika karatasi yake ni yale yale ya vijana wengi.

Kosa la kwanza ni hiyo 4.1 yenyewe. Ameiandika peke yake, "Wastani: 4.1", naye ana haki ya kujivunia, kwa kuwa kwetu kilele ni 5.0, na 4.1 ni daraja la pili la juu. Lakini huko Ujerumani hesabu huenda kinyume. Alama iliyo bora kuliko zote ni 1.0, ya mwisho ya kufaulu ni 4.0, na 5.0 ni kuanguka. Mjerumani asiyeujua utaratibu wetu akiiona 4.1 bila maelezo, aweza kudhani binti huyu ameanguka mtihani! Basi yampasa aandike hivi: "Wastani 4.1 katika kipimo cha 5.0, kiwango cha chini cha kufaulu 2.0, daraja la pili la juu." Mstari mmoja tu, na shaka yote imeondoka.

Vyuo vya Ujerumani vina kanuni ya kugeuza alama za kigeni, iitwayo kanuni ya Bavaria, na si vigumu kuifuata. Toa alama yako katika alama ya juu: 5.0 toa 4.1 ni 0.9. Kisha toa kiwango cha chini cha kufaulu katika alama ya juu: 5.0 toa 2.0 ni 3.0. Gawa 0.9 kwa 3.0 upate 0.3, zidisha kwa 3 upate 0.9, na mwisho ongeza 1. Jawabu ni 1.9, ambayo kwao ni alama njema. Ni vizuri binti aijue hesabu hii ili ajue asimamapo, lakini asiiweke 1.9 katika wasifu mahali pa 4.1. Kugeuza ni kazi ya chuo kinachompokea, na alama iliyo katika wasifu lazima ilingane na ile iliyo katika karatasi ya matokeo aliyoiambatisha.

Na tukisema kulingana, hapo lipo jambo linalozisumbua sana nyumba za Waislamu, nalo ni majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa "Mwanahamis Mohamed", cha kidato cha nne "Mwanahamisi Muhammad", na pasipoti imeongeza jina la babu. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja. Kwa karani wa mbali huenda wakawa wawili. Wasifu na ufuate pasipoti, herufi kwa herufi, na vyeti vinavyotofautiana vifuatane na hati ya kiapo iliyothibitishwa na wakili. Wazazi walitazame jambo hili mapema, kwa maana hati haifai kutafutwa siku moja kabla ya maombi kufungwa.

Tuje kwenye uongozi. Binti wetu ameandika: "Amira, 2021 hadi 2022." Mwanafunzi yeyote aliyepita katika jumuiya zetu za vyuoni aelewa, lakini aliyeko Bonn, kwenye makao makuu ya DAAD, ataona neno geni na tarehe mbili, asijue kama ni cheo au ni jina la mtu. Jina la cheo halitoshi. Lifuatwe na kazi. Kwa mfano: "Mkuu wa kuchaguliwa wa wanafunzi wa kike Waislamu wapatao 160. Aliongoza kamati ya watu 7. Alikusanya michango ya futari ya watu 90 kila jioni ya Ramadhani na kuisomea jumuiya hesabu yake. Alianzisha masomo ya takwimu ya kila Jumamosi kwa wanafunzi 24 wa mwaka wa kwanza." Baadhi ya vijana huificha kazi ya namna hii wakidhani si uongozi kwa kuwa ni ya dini. Sisi hatuoni hivyo: kutunza fedha za watu na kutoa hesabu yake ni uongozi popote. Ila idadi ziwe za kweli, kwani mchaguzi aweza kuuliza katika mahojiano, "Zile fedha mlizigawaje?"

Mahali pagumu kuliko pote ni penye kutaja utafiti anaoutaka. Hapo binti ameandika: "Mazingira, maji, mabadiliko ya hali ya hewa na maendeleo endelevu." Maneno haya aweza kuyaandika mwombaji yeyote, na profesa hapati cha kushika. Kumbe ndani ya tasnifu yake ya mwisho mna hazina! Alipima visima 18 karibu na pwani, mara moja wakati wa kiangazi na mara ya pili baada ya masika, akitazama uwezo wa maji kupitisha umeme, ambao huongezeka chumvi inapozidi. Visima vilivyo karibu na bahari vilikuwa na chumvi zaidi wakati wa kiangazi, kama alivyotazamia. Lakini viwili vilivyo mbali na ufuko navyo vilikuwa na chumvi, na mvua haikuvibadilisha. Je, ni maji ya bahari yavutwayo na pampu, au ni chumvi ya kale iliyosalia katika miamba? Swali hili ndilo utafiti wake. Aliandike kwa mistari mitatu: alichopima, alichokiona, na asichoweza kukieleza kwa vyombo alivyokuwa navyo. Mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi akisoma hapo atajua huyu amfaa au hamfai, na hilo pia ni faida kwa mwombaji.

Yako madogo mawili. Binti alikaa nyumbani mwaka mzima akimwuguza mama yake, naye ameuruka mwaka huo. Asiuruke, aandike kwa maneno machache alikuwa akifanya nini, kwa maana misaada mingi ya DAAD kwa nchi zetu kwa kawaida hutaka miaka miwili ya kazi, na shahada isiyozidi miaka sita, na hivyo tarehe huhesabiwa. Ama picha, Uingereza na Amerika haitakiwi. Ujerumani ni desturi ya zamani isiyo ya lazima, na akiipeleka, iwe kama ile ya pasipoti, na hijabu yake.

Amalizapo, aiweke karatasi ya matokeo kando ya wasifu, na kila tarehe na kila alama aiguse kwa kidole katika hati zote mbili. Kisha atie tarehe na saini ya mkono, kwani wapo wanaoitaka.