Kuomba mshahara uongezwe si kukosa shukrani

Wasee, kuna ushauri mmoja hapa Endarasha ambao vijana tunapewa kila tukipata ofa ya kazi: "Wewe tia sahihi kwanza, kazi siku hizi ni ngumu, usianze maringo." Anayesema hivyo ni mtu yule yule ambaye broka akija shambani kuchukua viazi atabishana naye juu ya shilingi 100 kwa gunia hadi lori liwashe injini. Hakuna anayemwambia ashukuru kwamba broka amefika. Gunia linajadiliwa, lakini miaka yako ya kusoma na kufanya kazi inakubaliwa kwa bei ya kwanza iliyotajwa. Mimi nasema hapana.

Hebu tuchukue ofa ya rafiki yangu mmoja: msaidizi wa uhasibu Nyeri mjini, 40,000 kwa mwezi, jibu litolewe kufikia Ijumaa. Nyumbani walisherehekea 40,000. Shida ni kwamba hiyo pesa hakuna siku ataishika. Kwa viwango vya 2025, NSSF inachukua 2,400, SHA 1,100 na ushuru wa nyumba 600. Kinachobaki ndicho kinakatwa PAYE, na hapo zinaenda kama 3,153. Mkononi anabaki na takribani 32,747. Sasa tuseme nauli ya kutoka Endarasha hadi mjini ni 200 kwenda na 200 kurudi, siku 22. Hizo ni 8,800. Amebaki na chini ya 24,000, na bado hajala chakula cha mchana.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza ufanye mwenyewe, kwa karatasi, kabla ya kumwandikia mtu yeyote. Utaona jambo lingine ambalo wengi hawajui: nyongeza nayo inakatwa. Katika kiwango hicho cha mshahara, kila shilingi 100 unayoongezwa, inayofika mkononi ni kama 63. Ukiomba 8,000 zaidi, unapata karibu 5,000. Ukitaka 5,000 za kweli halafu uombe 5,000, umejipunja.

Ndiyo maana marupurupu si kitu kidogo. Chakula ambacho mwajiri anakupa kazini hakitozwi kodi hadi thamani ya 5,000 kwa mwezi, tangu sheria ya kodi ibadilishwe Desemba 2024. Lakini "posho ya nauli" ikilipwa kama pesa taslimu juu ya mshahara, inakatwa kodi kama mshahara. Na msikubali kuuziwa sheria kama zawadi. Siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka ziko kwenye Sheria ya Ajira ya 2007. Kampuni ikiandika "tunakupa siku 21", haijakupa kitu. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri akupe nyumba au pesa ya kodi ya nyumba, isipokuwa mkataba useme mshahara umejumuisha hiyo pesa. Tafuta hayo maneno kwenye ofa yako. Kama hayapo, uliza kwa upole: je, 40,000 ni pamoja na nyumba?

Sasa barua pepe yenyewe. Hapa sikubaliani pia na wale wa upande wa pili, wale wanaokwambia mtandaoni uandike, "Siwezi kuja chini ya 48,000." Hiyo si ujasiri, ni hatari, na sheria ya mikataba inaeleza kwa nini. Mwaka 1840 huko Uingereza, bwana Wrench alitaka kuuza shamba lake kwa pauni 1,000. Hyde akasema atatoa 950. Wrench akakataa. Hyde akarudi akasema sawa, nachukua kwa 1,000. Mahakama ikasema umechelewa: uliposema 950 uliiua ofa ya kwanza. Kenya tumerithi kanuni hiyo. Ukitaja bei yako kama sharti, mwajiri ana haki ya kusema ile 40,000 haipo tena.

Lakini mwaka 1880, kwenye kesi ya Stevenson na McLean iliyohusu mauzo ya chuma, mahakama ilisema kuuliza tu kama masharti yanaweza kubadilika si kukataa ofa. Umeona tofauti? Uliza, usiweke sharti. Adabu ambayo nyanya zetu walitufundisha inakubaliana kabisa na sheria.

Rafiki yangu aliandika hivi. Ya kwake ilikuwa kwa Kiingereza, lakini mpangilio ni huu:

"Kwa Meneja wa Wafanyakazi,

Asante sana kwa ofa ya kazi ya msaidizi wa uhasibu. Nimeisoma yote na nina hamu ya kujiunga nanyi, hasa kwa sababu mnaunganisha hesabu za matawi yote kwenye mfumo mmoja, kazi ambayo nimeifanya kwa miaka 2.

Kabla sijatia sahihi, naomba kuuliza kama kuna nafasi ya mshahara kufika 48,000, kwa kuwa mfumo huo ninaujua na sitahitaji kufundishwa. Kama bajeti hairuhusu, chakula cha mchana kazini na mshahara kuangaliwa upya baada ya miezi 6 vitanisaidia pia.

Swali hili si kukataa ofa yenu. Bado naizingatia kama ilivyo, na nitawapa jibu langu la mwisho kabla ya Ijumaa."

Angalia kile ambacho hakipo. Hakuna nauli, hakuna karo ya mdogo wake, hakuna "maisha ni magumu". Hizo ni hesabu za kukusaidia wewe kujua kiwango chako cha chini. Meneja anahitaji sababu ya kupeleka kwa bosi wake, na bosi hawezi kuidhinisha nauli yako. Anaweza kuidhinisha ujuzi wako. Angalia pia kwamba furaha yake ina kitu ndani. "Nimefurahi sana" anaandika kila mtu. Kutaja kazi yenyewe kunaonyesha umesoma na unaitaka.

Walimjibu siku ya pili: 44,000, chakula cha mchana, na mshahara kuangaliwa baada ya miezi 6. Kwa hizo 4,000, mkononi ziliongezeka kama 2,500. Si utajiri, lakini chakula hakitoki tena mfukoni mwake. Kisha aliomba ofa mpya iliyoandikwa kabla ya kutia sahihi, kwa sababu ahadi ya simu haisimami wakati meneja amehama.

Kuna mahali hii haifanyi kazi. Kazi za serikali na kaunti zina daraja zake, na mishahara inasimamiwa na tume ya SRC. Hapo uliza tu utaanzia ngazi gani ya daraja. Tena, hata ukiuliza kwa upole namna gani, mwajiri anaweza kuondoa ofa kabla hujaikubali. Kwa hiyo uliza mara moja, mapema. Kimya kikifika siku moja kabla ya mwisho, piga simu. Na kama hiyo 40,000 unaihitaji kweli, tia sahihi kabla ya saa kuisha.

Lakini mwajiri anayekasirika kwa swali la adabu lenye aya tatu, amekuonyesha mapema vile atakujibu ukiomba ruhusa ya kwenda mazishi. Wazee wa hapa mnajua kuuza viazi. Tuacheni na sisi tuuze kazi yetu hivyo hivyo.