Nishani bila nauli ya kurudi nyumbani

Nikiwa darasa la sita nilinunua njiwa wawili kutoka kwa jamaa mmoja wa mtaa wa pili. Mia moja kila mmoja, pesa niliyokuwa nimeweka tangu Krismasi. Nikawajengea kizimba cha mbao juu ya ploti yetu, nikawafungia usiku mmoja, na asubuhi nikawafungulia wazoee mazingira. Wakazunguka hewani mara mbili, wakapotea. Jioni nikapita kwa yule jamaa. Walikuwa juu ya paa lake, wamekula, wametulia. Nikadai pesa yangu. Akacheka, akaniambia, "Kijana, nilikuuzia njiwa. Sikukuuzia kwao."

Nilikasirika miezi. Lakini hiyo sentensi ndiyo siri yote ya njiwa wa vita, na wengi wetu tumeielewa vibaya. Tukiona kwenye filamu askari akirusha njiwa, tunadhani ndege ameambiwa, "Peleka hii barua kwa jenerali." Wapi! Njiwa hatumwi popote. Njiwa anarudi kwao tu. Akili yote ya kazi hiyo ni kuhakikisha kwamba kwao ni pale jenerali alipo.

Angalia ilivyofanywa. Kinda anahamishiwa kwenye banda la jeshi akiwa bado hajaruka vizuri, ili akili yake ishike hapo. Akianza kuruka, anapelekwa kilomita moja, anaachiliwa akiwa na njaa, anarudi, anakuta chakula. Kesho anapelekwa mbali zaidi, halafu mbali zaidi. Akiiva, askari wanambeba ndani ya kikapu hadi mstari wa mbele. Wakitaka kutuma habari wanaiandika kwenye karatasi nyepesi sana, wanaiweka ndani ya kijikopo kinachofungwa mguuni, wanamwachilia. Kwa habari nzito walirusha njiwa wawili wenye ujumbe mmoja, maana mwewe wapo na risasi zipo. Usiku ni taabu, ukungu ni taabu. Na hakuna majibu: huwezi kumwambia huyo huyo ageuze arudi mbele na barua nyingine. Ni safari ya upande mmoja.

Na jeshi likihama je? Hapo ndipo kazi ilikuwa ngumu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waligeuza hata mabasi ya ghorofa ya London kuwa mabanda ya njiwa yenye magurudumu. Banda likisogea, ilibidi ndege wapewe muda wa kuzoea mahali papya kabla ya kuaminiwa na ujumbe. Ukiwaharakisha, unapata nilichopata mimi juu ya ploti.

Sasa sikia ya Italia. Tarehe 18 Oktoba 1943, wanajeshi wa Uingereza walikuwa wanataka kuteka kijiji kinachoitwa Calvi Vecchia. Wajerumani walikuwa wamejichimbia hapo, kwa hivyo Waingereza waliomba ndege za Marekani zije zikipige mabomu. Lakini Wajerumani wakaondoka mapema kuliko ilivyotarajiwa, na Waingereza wakaingia kijijini. Unaona shida? Mabomu yamepangwa, na walio kijijini sasa ni wenzao, pamoja na wanakijiji. Wakajaribu redio, redio ikagoma. Wakamwachilia njiwa mmoja wa Marekani aliyeitwa G.I. Joe. Aliruka maili 20, yaani kilomita 32 hivi, kwa dakika 20, akafika ndege zikiwa karibu kupaa. Safari ikasitishwa. Watu waliookolewa walikadiriwa kuwa mamia, wengine wanasema hadi elfu moja.

Mwaka wa 1946 G.I. Joe alipewa Nishani ya Dickin mjini London. Hii nishani ilianzishwa mwaka wa 1943 na mama mmoja Mwingereza, Maria Dickin, kwa ajili ya wanyama waliotumika vitani. Kati ya 1943 na 1949 zilitolewa 54. Njiwa walichukua 32, mbwa 18, farasi watatu, na paka mmoja. Kwa hivyo ukimwita njiwa ndege wa kuchafua nguo kwenye kamba, mjue kwanza. G.I. Joe alizeekea kwenye bustani ya wanyama ya Detroit, akafa mwaka wa 1961 akiwa na miaka 18.

Mpaka hapo hadithi ni tamu. Tuje kwa mbwa.

Mbwa wa kupeleka barua alifanya kazi kwa siri ile ile ya njiwa. Mwaka wa 1917 Waingereza walifungua shule ya mbwa wa vita pale Shoeburyness, chini ya afisa aitwaye Edwin Richardson. Kila mbwa alikuwa na mlezi wake, anayemlisha na kumbembeleza. Mlezi anabaki nyuma makao makuu. Askari wengine wanampeleka mbwa mbele kwenye mahandaki, wanafunga barua kwenye ukosi wake, wanamwachilia. Anakimbia kupitia matope, moshi na mizinga, si kwa sababu anapenda Uingereza, bali kwa sababu mtu wake yuko kule. Ndiyo maana askari wa mbele walikatazwa kumlisha wala kumchezea. Ukimpa mbwa huyo kipande cha nyama kwenye handaki, umeharibu posta.

Kazi nyingine za mbwa zilikuwa tofauti, na watu huzichanganya. Mbwa wa ulinzi anakaa na mshikaji wake kwenye ua wa kambi usiku, na anaruhusiwa kubweka na kuuma. Mbwa wa upelelezi anatangulia doria akiwa kimya kabisa, pua juu, akinusa harufu inayoletwa na upepo. Akigundua mtu msituni habweki. Anasimama, masikio yanasimama, manyoya ya shingo yanasimama, na mshikaji lazima amsome, maana kila mbwa ana ishara yake. Upepo ukitoka nyuma, mbwa huyo ni kama amefungwa macho. Halafu kuna mbwa wa kufuata nyayo. Huyu pua iko chini, anashika harufu ya mtu mmoja pamoja na majani yaliyokanyagwa, na anafuata hadi mwisho. Mvua kubwa, jua kali, au saa nyingi zikipita, harufu inakufa. Wakenya tunawajua hawa: Waingereza waliwatumia kuwasaka Mau Mau msituni miaka ya hamsini. Kwa hivyo nisijifanye kila mbwa wa vita alikuwa upande wangu. Inategemea nani ameshika kamba, na hilo mbwa halichagui.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Neno "shujaa" tunalitumia ovyo. Shujaa anajua hatari, anaweza kukataa, halafu anakwenda. G.I. Joe hakujua kuna mabomu. Mbwa wa Shoeburyness hakujua vita ni nini. Walichokuwa nacho ni hamu ya kurudi kwao, na binadamu tukaichukua hiyo hamu tukaifanya silaha. Sisemi ilikuwa dhambi. Ningekuwa Calvi Vecchia siku ile ningembusu huyo njiwa. Ninachosema ni kwamba ukitumia mapenzi ya mnyama kwa nyumbani, una deni moja, na si nishani. Deni ni nyumbani kwenyewe.

Kuna waliolipa. Katika Vita vya Pili vya Dunia familia nyingi za Marekani zilikopesha jeshi mbwa zao. Mmoja ni Chips. Huko Sisilia mwaka wa 1943 alivamia ngome iliyokuwa na bunduki ya rashasha, na waliokuwa ndani wakatoka wakajisalimisha. Walimpa nishani, halafu wakamnyang'anya kwa sababu sheria haikuruhusu mnyama kupewa. Lakini vita vilipoisha, mbwa waliofaa walifundishwa upya kuishi na watu wa kawaida, wakarudishwa. Chips alifika kwao Desemba 1945. Nishani ilikwenda, nyumbani pakabaki. Ukiniuliza, huyo alilipwa.

Sasa Vietnam. Wamarekani walipeleka huko mbwa karibu 4,000, wa ulinzi, wa upelelezi na wa kufuata nyayo. Waliorudi ni kama 200 tu. Baadhi walikufa vitani na kwa magonjwa, lakini wengi waliachwa. Wakapewa jeshi la Vietnam Kusini, au wakachomwa sindano ya kufa. Sababu? Kwenye vitabu vya jeshi mbwa aliandikwa kama kifaa. Vita vikiisha, vifaa vya ziada huachwa. Washikaji wao, vijana wa miaka 19 na 20 ambao maisha yao yalitegemea masikio ya huyo mbwa, walipanda ndege wakamwacha amefungwa.

Najua utetezi wao. Kulikuwa na ugonjwa wa kupe uliowamaliza mbwa wengi, na waliogopa kuupeleka Marekani. Wakasema pia mbwa wa vita ni hatari kwa raia. Hofu ya ugonjwa haikuwa uongo, na mbwa aliyefunzwa kuuma si wa kuachiwa mtoto hovyo. Lakini mwaka wa 1945 walipima, wakafundisha upya, wakachuja. Kilichobadilika si mbwa. Kilichobadilika ni kwamba mwaka wa 1945 mbwa alikuwa na familia inayomngoja, na Vietnam alikuwa mali ya serikali tu, hana wa kumuulizia. Ilichukua hadi mwaka wa 2000 kwa Marekani kupitisha sheria ya kuruhusu mbwa wa jeshi waliostaafu kuchukuliwa na watu wa kuwatunza, wakiwemo washikaji wao.

Unaweza kusema, bro, kuna watu waliachwa Vietnam, wewe unalilia mbwa? Sawa. Lakini binadamu alikuwa na ulimi wa kudai. Mnyama anategemea kitu kimoja tu, kwamba aliyemfundisha kurudi ataacha mlango wazi.

Ukienda kupanda treni ya SGR, utapanga begi lako chini pamoja na ya wengine, na mbwa atapita akinusa. Anafanya kazi ile ile ya babu zake, kwa ajili yako. Siku ukimwona, usipige tu picha. Muulize mshikaji wake kwa heshima: huyu akizeeka, ataenda kwa nani? Akikujibu bila kufikiria, basi mambo ni sawa.

Yule jamaa wa njiwa, kwa taarifa yako, hakunirudishia pesa yangu. Lakini alikuwa na kitu ambacho jeshi kubwa duniani lilikosa kule Vietnam. Njiwa wake walipofika jioni, walikuta mlango wazi na mahindi yamemwagwa.