Ardhi ya kanisa na ya msikiti: jina la nani liko kwenye hati?

Familia zinazokimbia mauaji katika vijiji vya Beni na Lubero zinapofika mjini, wengi hupokelewa kwanza na jamaa zao. Jamaa wakikosa nafasi, watu hugonga mlango wa parokia, wa kanisa la mtaa, wa msikiti au wa shule iliyojengwa katika kiwanja cha dini. Hapo hupewa kona ya darasa au sehemu ya kusimamisha hema. Hakuna anayeuliza swali la hati siku hiyo, maana mvua inanyesha na watoto wana njaa.

Swali huja baadaye, siku mtu anapofika na karatasi mkononi na kusema kwamba kiwanja ni mali yake. Mara nyingi mtu huyo si mwizi. Ni mtoto wa mchungaji aliyefariki, au mjukuu wa yule aliyekitoa kiwanja, na sheria iko upande wake. Ndiyo maana viongozi wa dini wa Butembo na Beni wanapaswa kufungua makabati yao sasa, kabla ya ugomvi, na kusoma jina lililoandikwa kwenye kila hati.

Dini zote mbili kubwa za hapa zinajua jambo la mali isiyo na mwenyewe. Kwa Waislamu inaitwa wakfu. Mfano wake wa kale ni shamba la Khaybar ambalo Umar, sahaba wa Mtume, alilitoa kwa masharti matatu: lisiuzwe, lisitolewe zawadi, wala lisirithiwe. Shamba linabaki palepale, na mazao yake yanakwenda kwa maskini, kwa wasafiri na kwa wengine waliotajwa. Msimamizi wa wakfu anaitwa mutawali. Anaweza kula kidogo kutokana na kazi yake, lakini shamba si lake, na akifa watoto wake hawalipati.

Kwa Wakatoliki wa Kongo, jambo linalofanana na hilo liliandikwa tarehe 26 Mei 1906, katika mkataba kati ya Dola Huru la Kongo na Vatikano. Leta ilikubali kuipa kila misioni hekta 100 za ardhi ya kulima, na zikihitajika zaidi, hadi 200. Ardhi ilitolewa bure na kwa kudumu, na misioni iliwajibika kufungua shule. Mkataba uliongeza sharti ambalo leo wengi wamelisahau: ardhi hiyo haikuruhusiwa kuuzwa, na ilipaswa kubaki kwa kazi za misioni tu. Misioni ya Beni ilianza mwaka huohuo wa 1906. Tukiweka kando majina, sharti la Khaybar na sharti la 1906 ni ndugu.

Kuna tofauti mbili za kusema wazi. Ya kwanza, Umar alitoa shamba lake mwenyewe, lakini Leta ya mwaka 1906 ilitoa ardhi ya watu wengine. Kwa desturi ya Wanande, anayepokea shamba kwa shefu wa ardhi analipa muhako, mbuzi kwa mfano, na malipo hayo hayamfanyi mwenye ardhi. Ndiyo maana hadi leo kuna koo zinazosema kwamba babu zao waliazima tu, hawakuuza. Ya pili, Waislamu hawakupata mkataba kama ule wa 1906. Viwanja vya misikiti vilipatikana kwa waumini kununua au kutoa, mtu mmojammoja.

Kisha Leta ilibadilisha kila kitu. Sheria inayoitwa Bakajika, ya tarehe 7 Juni 1966, ilirudisha ardhi mikononi mwa Leta. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ikamaliza kazi: ardhi yote ni mali ya Leta, na raia, kanisa au kampuni wanapata tu haki ya kuitumia, yaani konsesheni. Kuna konsesheni za aina mbili. Ya kudumu inatolewa kwa mtu, mwanadamu, tena Mkongomani. Ya kawaida ina muda, usiozidi miaka 25, na inaweza kurudiwa ikiwa kiwanja kimeendelezwa.

Kanisa si mwanadamu. Msikiti pia si mwanadamu. Mbele ya sheria, jumuiya ya dini ni shirika lisilo na faida, ASBL, chini ya sheria ya tarehe 20 Julai 2001. Kwa hiyo haiwezi kupata konsesheni ya kudumu. Inapata ile ya miaka 25. Kitu kilichotolewa kwa ajili ya Mungu na maskini hadi mwisho wa dunia, kwenye karatasi kinadumu robo karne, halafu kinaombwa upya.

Hapo ndipo kishawishi kinapoanza. Anayetaka karatasi ya kudumu anaona njia fupi: kuandika kiwanja kwa jina la mchungaji, la imamu, au la mzee wa baraza anayeaminika. Mtu huyo ni Mkongomani, basi anapata konsesheni ya kudumu. Wengine wanafanya hivyo bila ujanja wowote, kwa sababu tu jumuiya ndogo ya mtaa haina utu wa kisheria, na ofisini wanadai jina.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mwaka 2004, mama mjane katika mtaa mmoja wa Butembo anatoa parsele yake kwa kanisa la ujirani, ili pajengwe nyumba ya sala na darasa la watoto. Wanaandika karatasi, shefu wa mtaa anatia sahihi, mashahidi wanne pia. Mwaka 2007 mchungaji anakwenda kwa konservateri wa hati za ardhi na kupata sertifika kwa jina lake. Hakuna neno ndani yake kuhusu kanisa, darasa wala mjane. Mwaka 2019 mchungaji anafariki. Kwa Sheria ya Familia ya 1987, robo tatu za urithi wake ni za watoto wake. Watoto wanahesabu nyumba, pikipiki na parsele ile. Mwaka 2022, wakati familia kumi za waliohama makwao zinalala darasani, watoto wanauza.

Kanisa linakimbilia mahakamani na karatasi ya 2004. Lakini sheria ya 1973 inasema sertifika ni ushahidi kamili, na ikipita miaka miwili tangu itolewe, haipingwi tena. Muda wa kuipinga uliisha 2009, wakati mchungaji alikuwa hai na kila mtu alikuwa akimwamini. Kanisa linaweza kudai fidia ya pesa, lakini si kiwanja. Mnunuzi anaingia, na wakimbizi wanatafuta kona nyingine.

Katika kisa hicho hakuna mwizi mmoja wa kunyoshewa kidole. Mjane alitoa kwa moyo, mchungaji alifuata ushauri wa ofisini, watoto walidai haki yao. Kilichokosekana ni karatasi inayotenganisha msimamizi na mali. Jambo hilo ndilo moyo wa wakfu: mutawali anashika ufunguo, lakini nyumba si yake.

Pwani ya Afrika Mashariki iliwahi kujifunza hili kwa uchungu. Katika Kenya ya ukoloni, mzee wa Kiislamu aliweka wakfu mali yake kwa ajili ya kizazi chake, na kesi ikafika hadi baraza la rufaa la London. Majaji wakasema wakfu huo ni batili, kwa sababu faida ilikwenda kwa familia, si kwa sadaka kama Waingereza walivyoielewa. Kenya ilitunga sheria ya makamishna wa wakfu mwaka 1951, iliyoukubali wakfu wa namna hiyo. Zanzibar nayo ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo kazi yake ni kusimamia mali za wakfu. Funzo ni moja: mahakama haioni nia ya mtoaji mpaka sheria iipe umbo na iweke mtu wa nje wa kumkagua msimamizi.

Kongo haina kamisheni kama hiyo. Sheria ya 2001 ina kitu kinachokaribia, yaani taasisi ya manufaa ya umma, ambapo mtu anatenga mali yake kwa kazi fulani kwa hati rasmi au kwa wasia. Lakini inahitaji kibali cha Rais wa Jamhuri, na kwa kanisa la mtaa la Beni njia ya kufika Kinshasa ni ndefu mno.

Basi kinachowezekana leo ni kidogo zaidi, lakini kinatosha kuzuia mengi. Jina kwenye sertifika liwe la jumuiya yenye utu wa kisheria, dayosisi, komunote ya Kiprotestanti au jumuiya ya Kiislamu, hata kama muda ni miaka 25. Tarehe ya mwisho iandikwe ukutani ofisini, maana sertifika iliyotolewa 1999 ilifika mwisho 2024. Hati ya zawadi ipitie kwa notere na itaje kazi ya kiwanja. Na katiba ya jumuiya iseme kwamba kiwanja cha zawadi hakiuzwi bila mkutano mkuu kukubali, kwa sababu hata jina la jumuiya peke yake halimzuii kiongozi kuuza.

Pale ambapo jina la mtu limekwisha kuandikwa, kazi ifanyike angali hai. Yeye mwenyewe ndiye anayeweza kuhamisha haki kwa jumuiya kwa sahihi yake. Baada ya mazishi, sahihi hiyo inatafutwa kwa watoto wote, na mmoja akikataa, kazi imekwama.

Wapo viongozi watakaosema kwamba maandishi mengi yanawafunga mikono, na kwamba siku ya shida watahitaji kuuza kipande ili kulipa walimu. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini sadaka ndiyo hasa inayofunga mikono: aliyetoa alijinyima haki ya kuuza, na si haki aliyepokea aipate kwa mlango wa nyuma.

Kwa familia zilizohama makwao, ombi ni dogo. Jumuiya inayowapa nafasi iwape karatasi yenye mhuri inayosema wako pale kwa ruhusa ya nani, sehemu gani, na watapewa taarifa ya muda gani kabla ya kuondolewa. Karatasi hiyo haiwapi ardhi, wala wao hawaiombi ardhi. Inawapa muda wa kukusanya sufuria na kuwatafutia watoto shule nyingine, na inamlinda mwenye kiwanja asidaiwe baadaye kwamba aliwagawia.

Yule mjane wa mfano wetu alitoa parsele nzima. Kuandika jina sahihi juu yake kungechukua asubuhi moja.