Kadi Imeondoka, Siri Ibaki

Wana wetu wa Unguja walioko Uingereza walizoea kuonyesha kadi ya ukaazi. Kadi nyingi ziliisha muda tarehe 31 Disemba 2024. Sasa uthibitisho umo mtandaoni. Tuseme kijana wa Malindi anatafuta chumba London. Huingia katika akaunti yake ya uhamiaji, akapata msimbo wa herufi na tarakimu 9, unaoanza kwa R. Wa kazi huanza kwa W. Humpa mwenye nyumba msimbo huo na tarehe ya kuzaliwa, naye hukagua mwenyewe katika tovuti ya serikali. Msimbo hudumu siku 90. Lakini akiombwa ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu wakati wa kuingia, tunamuusia akatae: huo ndio ufunguo wa akaunti yenyewe.