Darasa la Tano la Nani? Lebo za Masomo ya Hisabati Mpakani

Wanafunzi wangu, leo ninataka kugombana na maneno saba: «Darasa la 5, Hisabati, Muhula wa 1». Maneno haya yameandikwa kwa Kiswahili sanifu, hayana kosa la sarufi, na mtahini yeyote wa lugha angeyapitisha. Hata hivyo nasema hayafai, na anayeyaandika juu ya somo la hisabati na kulisambaza katika nchi za Afrika Mashariki anawapotosha walimu na watoto.

Nayazungumzia maelezo yanayotangulia somo lenyewe. Wataalamu huyaita metadata, yaani habari inayoeleza habari nyingine. Mwalimu anayeandika andalio la somo huyajua siku zote: darasa, somo, mada, mada ndogo, muhula. Zamani maelezo hayo yalibaki ndani ya daftari lake, na shule nzima ilijua daftari ni la nani. Siku hizi andalio hupigwa picha au kuchapwa, likatumwa kwa simu, nalo husafiri kuliko mwandishi wake. Linapofika kwa mgeni, lebo ndiyo inayolisemea.

Chukueni mfano wa Masafu, katika Wilaya ya Busia nchini Uganda. Ukielekea mpakani unafika mji wa Busia, na ng'ambo ya pili kuna Busia nyingine, ya Kenya. Wasamia wanaishi pande zote mbili, na watoto huvuka kufuata mzazi, shangazi au karo nafuu. Mwalimu mmoja wa upande wa Uganda alimtumia mwenzake wa upande wa Kenya faili lenye lebo ile ile ya maneno saba. Mwenzake alikuwa amempokea mtoto aliyehama kutoka Uganda, akitaka kujua mtoto huyo amefundishwa nini. Alipolifungua, akakuta somo la seti. Akajibu kwa upole, «Mwalimu, nadhani umekosea faili. Sisi hatuna mada hii.» Lakini faili halikuwa na kosa. Lebo ndiyo iliyonyamaza mahali ilipopaswa kusema.

Ili tuone ilinyamazia nini, turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wa hisabati kutoka Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, wakaandika vitabu vilivyojulikana kwa jina la mji huo. Vitabu hivyo vilieneza kile kilichoitwa Hisabati Mpya, na seti zilikuwa mlango wake. Mwaka 1981 Kenya iliifukuza Hisabati Mpya kutoka shule zake. Uganda haikuziacha seti: hadi leo mtaala wake wa hisabati wa P4 hadi P7 huanza na mada ya seti. Mtaala wa umilisi wa Kenya hupanga hisabati za shule ya msingi kwa mada kuu kama Namba, Vipimo, Jiometri na Kushughulikia Data. Ukizitafuta seti humo kama mada, huzipati. Basi «Darasa la 5, Hisabati, Muhula wa 1» ni kweli Masafu, na ukivuka mpaka unakuwa uongo.

Hapa Kiswahili chetu kinabeba sehemu ya lawama. Waganda husema P5, Wakenya husema Gredi ya 5, Watanzania husema Darasa la Tano. Mfasiri mwenye bidii huyaona majina matatu, akadhani ni kitu kimoja, akaandika «Darasa la 5» kwa yote. Anajiona amesanifisha lugha, kumbe amefuta habari. P5 ni ngazi ya tano katika safari ya miaka saba inayoishia kwenye mtihani wa PLE. Gredi ya 5 inafuata miaka miwili ya elimu ya awali, nayo shule ya msingi huishia Gredi ya 6. Tena katika simu za walimu wa Kenya bado yamo mafaili ya mfumo wa 8-4-4, ambao pia ulikuwa na darasa la tano lake. Tarakimu ni moja, lakini mitaala ni mingi. Tafsiri njema huhifadhi tofauti inayomhusu msomaji. Tafsiri ya namna hii huizika.

Neno la pili ninalolishtaki ni «Muhula». Tanzania ina mihula miwili kwa mwaka, Kenya na Uganda mitatu. Muhula wa 2 wa Tanzania ni nusu ya pili ya mwaka. Wa Kenya na wa Uganda huangukia katikati. Hata ndani ya nchi moja muhula si tarehe. Baada ya shule kufungwa kwa ajili ya korona, Kenya ilianza Muhula wa 1 wa mwaka wa masomo wa 2022 tarehe 25 Aprili, si Januari. Uganda ilifunga shule Machi 2020, na ilipozifungua kwa wote tarehe 10 Januari 2022, wanafunzi walipandishwa madarasa na walimu wakapewa mtaala uliofupishwa ili kufidia yaliyopotea. Andalio la P5 la mwaka huo laweza kubeba mambo ambayo kwa kawaida ni ya P4. Asiyeandika mwaka wala toleo la mtaala amemwachia msomaji kitendawili bila jibu.

Neno la tatu halimo katika lebo ile kabisa, nalo ndilo nililolitaka kuliko yote: mada. «Hisabati» ni jina la somo. Halisemi kama mtoto anajumlisha, anapima maji au anachora pembe. Tena mada yenyewe yaweza kudanganya ikiandikwa bila uangalifu. Katika mtaala wa Uganda wa P1 hadi P3, ulioanza kutumika mwaka 2007, masomo hupangwa kwa maudhui ya maisha ya mtoto, kwa mfano «Shule Yetu» au «Nyumbani Kwetu», na hufundishwa kwa lugha ya mahali pale inapowezekana. Somo la kuhesabu linaweza kukaa chini ya kichwa «Shule Yetu». Mwalimu wa P4 anayetaka kujua mtoto alijifunza wapi kuhesabu kwa makumi hatalipata kwa kutafuta «makumi», maana lebo inataja shule tu.

Sasa tulifungue lile faili la seti tuone lingeweza kuokolewaje. Ndani yake mwalimu ameandika vigawo vya 12, yaani 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Kisha ameandika vigawo vya 18, yaani 1, 2, 3, 6, 9 na 18. Amechora miduara miwili inayopishana, na katikati, mahali pa makutano, ameweka 1, 2, 3 na 6. Swali la mwisho linauliza namba iliyo kubwa kuliko zote hapo katikati. Jibu ni 6, ambayo ni kigawo kikubwa cha shirika cha 12 na 18. Mwalimu wa Kenya hana mada ya seti, lakini vigawo vya shirika anavyo, chini ya mada kuu ya Namba. Somo lilimfaa! Angeweza kulitumia, na angejua pia kwamba mtoto yule aliyehamia kwake tayari anajua kutafuta kigawo kikubwa, ila amezoea kukiita kwa jina la makutano. Badala yake somo lilitupwa, na mtoto alihesabiwa kuwa hajui.

Huu ndio msingi wa hoja yangu. Darasa na muhula ni anwani ndani ya mtaala mmoja. Nje ya mtaala huo havina maana. Stadi ya hisabati ndiyo inayovuka mpaka. Kwa hiyo lebo ya kweli hutaja mtaala kwanza, kisha anwani ndani yake, kisha stadi kwa maneno ambayo jirani atayaelewa:

```
Mtaala: Uganda, NCDC, toleo kamili
Darasa: P5
Mada: Seti
Mada ndogo: Makutano ya seti
Stadi: Kutafuta kigawo kikubwa cha shirika
Muhula: wa 1 kati ya 3
```

Tazameni mstari wa mwisho. «Wa 1 kati ya 3» inamwambia Mtanzania mara moja kwamba muhula huu si wa kwake. Tazameni pia kwamba sikuandika «Darasa la 5». Nimeacha P5 kama inavyoitwa kwao.

Najua majibu nitakayopewa. Wa kwanza atasema: mwalimu afungue faili ajionee. Huyo hajawahi kununua data kwa shilingi mia tano na kufungua mafaili thelathini akitafuta moja. Wa pili atasema: wataalamu wa tovuti wamekwisha kutengeneza mpango wa dunia nzima. Ni kweli kwamba schema.org ina `educationalLevel` kwa ajili ya ngazi na `educationalFramework` kwa ajili ya jina la mtaala. Mpango huo unanisaidia mimi kuliko yeye, kwa sababu umeipa mtaala nafasi yake peke yake, ukikiri kwamba ngazi bila mtaala haitoshi. Lakini hauna nafasi maalumu ya muhula. Hiyo tutaiongeza wenyewe, la sivyo itapotea. Wa tatu atasema: walimu wana kazi nyingi. Wanayo. Lakini mistari sita huandikwa mara moja, na minne kati yake haibadiliki mada nzima. Kazi nyingi zaidi ni ya yule anayelipokea faili lisilo na jina.

Kuna na wa nne, ambaye ninamheshimu. Atasema: mpe mtoto mtihani mfupi, achana na karatasi. Ndiyo, mpe. Lakini mtihani ulioandikwa kwa mtaala wa Kenya hautauliza seti, na hautatumia neno makutano. Utapima lugha ya mtaala pamoja na hisabati, na mtoto ataanguka kwa lile la kwanza. Bila lebo hatutajua ameanguka kwa lipi, na mara nyingi uamuzi huwa mmoja: arudie darasa. Mwaka mzima wa mtoto na karo ya mzazi vimepotea kwa sababu ya mstari mmoja ambao haukuandikwa.

Mnaojifunza Kiswahili mtaombwa siku moja kutafsiri nyaraka za shule. Mkikuta P5, msiiguse. Mkikuta muhula, ulizeni ni kati ya mingapi. Na mkikuta «Darasa la 5» peke yake, mrudishieni mwandishi faili lake na swali moja: la nani?